Baka la Kwanza Ubavuni

Chukua mfano wa kijana wa miaka 19. Akiwa anaoga, anaona baka ubavuni, lenye umbo la yai na urefu wa sentimita nne hivi, linatoa magamba membamba. Nyumbani wanamwambia ni choa, naye anapaka dawa ya fangasi. Siku kumi baadaye baka halijaondoka, na madoa madogo yamejaa kifuani na mgongoni. Anaamini choa kimesambaa.

Kumbe ni pitiriasisi rosea, ugonjwa wa ngozi unaowapata zaidi watu wa miaka 10 hadi 35. Baka moja hutangulia, na madoa hufuata baada ya wiki moja au mbili. Katika ngozi nyeupe huwa ya rangi ya waridi. Katika ngozi nyeusi huwa ya kijivu, zambarau au kahawia iliyokolea.

Mganga huangalia kwanza magamba. Ya choa hukaa kwenye ukingo wenyewe, na katikati ngozi husafika. Ya pitiriasisi huzunguka kama kola, ndani kidogo ya ukingo, yakibanduka kuelekea katikati. Kisha huangalia mpangilio: kila doa hulala kwa urefu wake kufuata mkunjo wa ngozi sambamba na mbavu, hata mgongo mzima ukaonekana kama makuti yaliyoinama pande mbili za mnazi. Shaka ikibaki, magamba hukwanguliwa na kupimwa kwa hadubini kutafuta fangasi.

Anayefanana nayo kwa hatari zaidi ni kaswende ya hatua ya pili. Hiyo mara nyingi hutoa vipele hata viganjani na nyayoni, sehemu ambazo pitiriasisi kwa kawaida haizigusi, na huweza kuja na vidonda mdomoni, tezi zilizovimba au homa. Lakini dalili hizo si lazima zionekane, na vipele vya kaswende navyo hupotea vyenyewe huku vimelea vikibaki mwilini. Kwa hiyo kupona kwa ngozi hakuthibitishi kitu. Kila aliyewahi kujamiiana apimwe damu. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini.

Kijana wetu alipimwa, hakukutwa na fangasi wala kaswende. Aliacha dawa ya fangasi na sabuni kali, akaoga maji ya uvuguvugu, akapewa losheni ya kutuliza muwasho. Pitiriasisi kwa kawaida huisha yenyewe kwa wiki sita hadi nane. Ikizidi miezi mitatu, mgonjwa arudi achunguzwe upya. Mjamzito, hasa katika miezi ya mwanzo, amwone daktari mapema, kwani imehusishwa na kuharibika kwa mimba.

Wiki ya nane magamba yalikwisha. Yakabaki madoa meusi bapa, ambayo kwa ngozi yetu huchukua miezi kufifia. Hayo si ugonjwa tena, na hayahitaji krimu ya kuchubua.