Netiweki Haishiki Nyumbani: Namna ya Kutoka Kwenye Mkataba wa Simu Uingereza

Aliyezoea simu za Dar es Salaam au Mombasa ana dawa yake ya netiweki mbaya: anachomoa laini, anaweka nyingine, maisha yanaendelea. Akihamia Uingereza anakuta utaratibu tofauti. Huko watu wengi hulipa kwa mkataba wa kila mwezi, mara nyingi wa miezi 24, na anayetaka kutoka mapema hudaiwa sehemu kubwa ya malipo ya miezi iliyobaki. Laini ya pauni 18 kwa mwezi, ikiwa imebakiwa na miezi 15, ni deni linaloweza kukaribia pauni 270, hata kama simu haishiki mtu akiwa sebuleni kwake.

Kutoka bila kulipa deni hilo kunawezekana, ila malalamiko ya “hakuna netiweki” peke yake hayatoshi. Karibu kila mkataba una kifungu kinachosema kampuni haiahidi mawasiliano kila mahali na kila wakati, na mhudumu wa simu atakusomea kifungu hicho mapema kabisa. Kinachokusaidia ni mambo mawili yakikaa pamoja: ushahidi kwamba kasoro iko upande wa kampuni, na ushahidi kwamba unachopata sasa ni pungufu kuliko ulichoambiwa uliponunua.

Msingi wake ni Sheria ya Haki za Watumiaji ya mwaka 2015. Kifungu cha 49 kinadai huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Kifungu cha 50 kinasema maelezo ambayo muuzaji alikupa kuhusu huduma, nawe ukayategemea ulipoamua kununua, yanahesabiwa kuwa sehemu ya mkataba. Kwa hiyo kama uliuliza dukani, ukataja postikodi yako, muuzaji akaangalia na kukujibu kwamba ndani ya nyumba netiweki ni nzuri, jibu hilo lina uzito. Tatizo ni kwamba kwa kawaida halikuandikwa popote. Ndiyo maana mwenye busara hupiga picha ya kioo siku anayosaini, ikionyesha ramani ya kampuni na postikodi yake. Aliyenunua kwa simu au mtandaoni ana njia rahisi zaidi mwanzoni: siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, akilipia tu alichotumia. Aliyenunua dukani hana haki hiyo kisheria, labda kampuni yenyewe iwe imeitoa.

Zikipita siku hizo, kazi ya kwanza ni kujua ugonjwa uko wapi, kwa sababu kuna sehemu tatu zinazoweza kuwa na kosa: simu, nyumba au mnara.

Anza na simu. Weka laini yako katika simu nyingine inayofanya kazi vizuri, kisha weka laini ya kampuni nyingine katika simu yako. Kampuni nyingi hutoa laini za malipo ya kabla bure, kwa hiyo jaribio hili halina gharama kubwa. Tatizo likiifuata laini kwenda simu ya pili, simu yako imeondolewa lawama. Likibaki kwenye simu, mkataba hauna kosa. Hapa wengi wenye simu zilizonunuliwa Dubai au nyumbani Afrika Mashariki hukwama. Vodafone na EE walizima 3G mapema mwaka 2024, na wengine wakafuata. Tangu hapo simu hupigwa kupitia 4G, na simu ambayo haikuwezeshwa kufanya hivyo kwenye mtandao husika hulazimika kutafuta 2G, au hukosa njia kabisa. Intaneti itakuwa inaruka vizuri huku simu ya kawaida ikikatika, nawe utalaumu mnara bure.

Baada ya simu, pima nyumba. Vijiti vya netiweki vilivyo juu ya kioo havifai kuwa ushahidi, kwani kila mtengenezaji huamua mwenyewe vijiti vitatu vina maana gani. Tumia namba. Kwenye Android nyingi, fungua mipangilio, ingia sehemu ya maelezo kuhusu simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mawimbi kwa dBm. Kwenye iPhone, piga:

```
*3001#12345#*
```

Utafunguka ukurasa wa vipimo, tafuta RSRP. Namba hizi huwa hasi, na kadiri zinavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwenye 4G, −85 ni hali nzuri, −105 ni dhaifu, na ukifika −115 hadi −120 tegemea simu kukatika. Usidanganywe na udogo wa tofauti: kila namba 10 unazoshuka, nguvu inakuwa imepungua mara kumi.

Sasa pima sehemu moja ndani na sehemu moja nje, mlangoni au bustanini. Kama nje unapata −86 na ndani −115, mnara unafanya kazi yake na kuta zako ndizo zinazomeza mawimbi. Vioo vya kisasa vyenye utando mwembamba wa metali na vizuia baridi vyenye karatasi ya foili vina tabia hiyo. Katika hali hii kampuni ina hoja nzito, na kesi yako itategemea zaidi kile ulichoahidiwa kuhusu ndani ya nyumba. Lakini kama hata nje unapata −110, na laini ya kampuni nyingine inapata −90 palepale, kuta haziwezi kulaumiwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Muuguzi anayepanga chumba Coventry ana ule mkataba wa laini wa pauni 18. Kwa miezi tisa ya mwanzo simu ilishika vizuri, kisha ikaanza kukatika na wagonjwa wa zamu wakawa hawampati mbadala wake kwa sababu kazini wakimpigia inaingia kwenye ujumbe wa sauti. Laini yake katika simu ya mwenzake inaonyesha −117 chumbani na −110 nje. Laini ya kampuni pinzani, katika simu yake mwenyewe, inaonyesha −92 chumbani. Vipimo hivi vichache vimeshajibu maswali mengi: simu ni nzima, kuta zinapitisha mawimbi, na mnara wa kampuni yake ndio usiomfikia.

Anachohitaji sasa ni kumbukumbu ya muda, kwa kuwa kipimo cha siku moja hujibiwa kuwa ni hitilafu ya kupita. Kwa wiki mbili anapima asubuhi, jioni na usiku, akiandika tarehe, saa, mahali, namba ya dBm na kilichotokea: simu imekatika, haikutoka, au imeingia kwenye ujumbe wa sauti bila kuita. Kila mara anapiga picha ya kioo. Anaongeza picha ya ramani ya kampuni na ya Map Your Mobile, huduma ya Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa Uingereza. Ramani ikisema nyumbani kwake ni pazuri, inamsaidia: inaonyesha kampuni bado inauza kitu ambacho hakipo. Ikisema pabaya, analinganisha na picha ya siku aliyosaini.

Wakati huohuo anaripoti hitilafu na kudai namba ya ripoti. Aulize waziwazi kama mnara wa eneo lake umezimwa, umehamishwa au unafanyiwa matengenezo, na lini utarudi. Jibu la “tunajua kuna tatizo” likiandikwa kwenye mazungumzo ya maandishi lina thamani kuliko vipimo vyake vyote, kwa kuwa ni kampuni yenyewe imekiri. Kama majibu yote yalitolewa kwa simu, anaweza kuomba bure nakala ya taarifa zake binafsi, pamoja na kumbukumbu za wahudumu na sauti zilizorekodiwa na kuhifadhiwa. Kwa kawaida kampuni hupaswa kujibu ndani ya mwezi mmoja.

Kisha yafuate malalamiko rasmi, yaandikwe hivyo tangu mstari wa kwanza. Barua nzuri ni fupi: huduma ilikuwaje, ilibadilika lini, nini kimejaribiwa, vipimo vinasemaje, ripoti namba ngapi, na ombi moja. Ombi liwe kwamba hitilafu irekebishwe ndani ya muda unaotajwa, tuseme siku 14, na ikishindikana mkataba ufungwe bila malipo ya kuuvunja. Muda huo una maana, kwa sababu mtoa huduma kwanza hupewa nafasi ya kurekebisha kazi yake.

Kampuni huenda ikajibu kwa kupendekeza Wi-Fi Calling, yaani simu kupita kwenye intaneti ya nyumbani. Ijaribu kwa uaminifu na uandike matokeo. Kwa mwenye intaneti imara hilo linaweza kuhesabiwa suluhisho la haki, na kesi yake ikadhoofika. Muuguzi wetu anatumia intaneti ya nyumba ya kupanga, inayokatika wakazi wakirudi jioni; kumbukumbu zake zinaonyesha hivyo. Usikimbilie kununua kikuza mawimbi cha bei rahisi mtandaoni: vinavyoruhusiwa bila leseni ni vile tu vinavyotimiza masharti ya Ofcom, na vingine ni kosa kuvitumia.

Ikikataa, omba barua inayothibitisha kwamba mazungumzo yamefika mwisho. Ukiwa nayo unaweza kwenda mara moja kwa msuluhishi ambaye kampuni yako imejiunga naye, ama Communications Ombudsman au CISAS. Bila barua hiyo unasubiri. Kwa miaka mingi muda ulikuwa wiki 8, na Ofcom imeamua uwe wiki 6. Mteja halipi kitu. Ukiukubali uamuzi, kampuni inabanwa nao. Ukiukataa, mahakama ya madai madogo bado iko wazi.

Mambo mawili huharibu kesi nzuri. La kwanza ni kusimamisha makato ya benki kwa hasira. Deni likiandikwa kwenye taarifa zako za mikopo hubaki humo miaka 6, na mwenye nyumba au benki ataliona. Endelea kulipa, ukisema kwa maandishi kwamba unalipa huku ukipinga. La pili ni kutuma neno PAC kwenda 65075 ili kuhamisha namba kabla hamjakubaliana. Kuitumia namba utakayotumiwa hufunga mkataba, na malipo ya kuuvunja huja nyuma yake. Kuomba maelezo ya gharama tu, tuma INFO kwenda 85075. Mwenye simu ya mkopo akumbuke pia kwamba mara nyingi simu ina mkataba wake pembeni. Huduma ikifungwa, deni la simu linabaki.

Ukishafunguliwa, angalia minara kabla ya jina la kampuni. giffgaff na Tesco Mobile hutumia minara ya O2, VOXI na Lebara ya Vodafone, SMARTY ya Three. Anayetoka O2 kwenda giffgaff amebadilisha jina kwenye bili tu. Chukua kwanza laini ya mwezi mmoja, pima RSRP mahali ulipokuwa unapimia, ndipo usaini miezi 24.