Kiambatisho Kinapogoma Kwenye Asilimia Sifuri

Barua pepe imeingia, umeisoma mpaka mwisho, na chini yake kuna faili lenye jina na ukubwa: mkataba wa kazi, PDF, MB 8. Unaligusa. Mduara unajitokeza, unaandika 0%, na hapo hapo unaganda. Wapo wanaoilaani simu, wapo wanaoifuta programu nzima na kuiweka upya, ilhali hiyo sifuri yenyewe inasema mengi kwa anayejua kuisoma.

Kuliona jina la faili si kuwa nalo. Programu ya barua pepe ikiwasiliana na seva, kwa kawaida huleta maneno ya barua pamoja na maelezo mafupi ya kilichoambatishwa: jina, aina, ukubwa. Faili lenyewe hubaki kwenye seva mpaka ulihitaji, na huja kwa safari yake peke yake. Ndiyo maana barua iliyoingia asubuhi husomeka jioni hata intaneti ikiwa imekatika, lakini kiambatisho chake hakifunguki ng'o.

Upakuaji uliokwama kwenye asilimia 40 ni kesi nyingine. Huo ulianza, kisha njia ikakatika. Wa sifuri haujaanza kabisa: ama data haipiti, ama simu imeuweka kwenye foleni, ama hakuna pa kuuweka. Utauliza, labda mtandao ni wa polepole tu? Piga hesabu. Tuseme uko kijijini na simu inaonyesha herufi E, mtandao wa kizamani, na unapata kilobiti 100 kwa sekunde. Faili la MB 8 litachukua kama dakika 11 kumalizika, lakini asilimia moja ya kwanza ilipaswa kuonekana ndani ya sekunde 6 au 7. Dakika mbili zikipita na bado ni sifuri, hapo si polepole tena. Hakuna kinachokuja.

Isipokuwa pale programu isipojua ukubwa wa faili, ambapo huganda kwenye sifuri huku ikipakua kimyakimya, kisha faili likafunguka ghafla. Tazama vishale vidogo vilivyo karibu na alama ya mtandao juu ya kioo. Kishale cha chini kikiwakawaka mfululizo, vuta subira. Kikiwa kimezimika, usijichoshe kungoja.

Kwenye kibanda cha fundi simu mmoja nilishuhudia mama aliyekuja na tatizo hilihili. Mtandao ulisoma 4G, mistari imejaa, na meseji za WhatsApp zilikuwa zinaingia tukiwa tumesimama pale. Fundi hakugusa mipangilio yoyote. Alifungua kivinjari, akaandika anwani ya gazeti moja, ukurasa ukagoma kufunguka.

"Mama, bando lako ulinunua lipi?"

"La wiki, lile la bei rahisi."

"Hilo ni la WhatsApp, mama yangu. Barua pepe halibebi."

Mistari ya mtandao hupima nguvu ya mawimbi kati ya simu na mnara, basi. Haijui umelipia nini. Bando la mitandao ya kijamii hufungua mlango wa programu zilizotajwa tu, na kwa mwenye simu kila kitu huonekana kiko hewani kwa sababu programu anayoitumia zaidi inafanya kazi. Kwa hiyo usipime intaneti kwa WhatsApp. Fungua ukurasa wa tovuti ambao hujautembelea siku za karibuni, kwani ule uliouzoea unaweza kuwa umehifadhiwa ndani ya simu ukakudanganya. Kipimo hicho hicho hunasa waifai ya hotelini au mgahawani inayotaka kwanza uingize namba ya chumba au nenosiri kwenye ukurasa wake: simu imeshika waifai, data haipiti. Na wenye laini mbili wakumbuke kwamba katika simu nyingi, ukipokea simu kwenye laini moja, intaneti ya laini ya pili husimama mpaka umalize kuongea.

Tovuti ikifunguka na faili bado limegoma, geukia foleni. Katika simu za Android, programu nyingi huikabidhi kazi ya kupakua kwa chombo cha mfumo kinachoitwa Download Manager. Chombo hiki hushughulikia mafaili machache kwa wakati mmoja. Filamu uliyoianzisha juzi kwenye kivinjari, ikaambiwa isubiri waifai, inaweza kuwa bado imo. Shusha pazia la arifa, futa kila upakuaji unaosubiri, kisha zima simu na kuiwasha. Pia angalia kama umewasha Data Saver. Ikiwa imewashwa, programu uliyotoka na kuiacha nyuma hunyimwa data ya laini. Ukigusa kupakua kisha ukahamia kwingine kupiga soga, kazi inaweza kusimama palepale ilipokuwa. Izime kwa muda, au ubaki ndani ya barua hadi faili limalizike.

Suala la nafasi ndilo linalobishaniwa zaidi. "Nina MB 300, faili ni MB 8, itashindikanaje?" Inashindikana. Android haisubiri hifadhi ifike sifuri. Ina kiwango cha tahadhari, ambacho katika simu nyingi huwa karibu na MB 500, na ukishuka chini yake mfumo huanza kubana matumizi na barua pepe huacha kusawazisha. Tena faili mara nyingi huteremshwa kwanza kwenye hifadhi ya muda ya programu, ndipo linakiliwa kwenye folda ya Download, kwa hiyo kwa muda linakuwa mara mbili. Kadi ya kumbukumbu yenye GB 20 tupu haisaidii kitu ikiwa programu huandika kwenye hifadhi ya ndani.

Na hapa watu hufuta picha 200 wakashangaa nafasi haijaongezeka. Picha hizo ziko kwenye pipa la taka la programu ya picha, ambako hukaa mwezi mmoja au zaidi zikiendelea kula nafasi ileile. Lifungue pipa, ulimwage. Kisha nenda WhatsApp, kwenye mipangilio, uguse Storage and data halafu Manage storage: video za vikundi vya harusi na misiba zitajipanga kwa ukubwa, nzito kabisa juu. Lenga kubakisha GB 1 wazi. Kuhusu programu yenyewe ya barua pepe, Clear cache haina madhara. Clear storage ni habari nyingine, huifanya ianze upya kama mpya, na rasimu ambazo hazijafika kwenye seva zinaweza kupotea.

Yote yakishindikana na mkataba unatakiwa leo, ingia kwenye barua pepe yako kupitia kivinjari badala ya programu. Faili likishuka huko, mtandao na nafasi havina kosa. Kasoro iko kwenye programu, na sasa kuisasisha au kuiweka upya kuna maana. Watumiaji wa Gmail wana njia nyingine, alama ya Drive iliyo kando ya kiambatisho. Ukiigusa, nakala inahamishwa huko huko kwenye seva bila kupitia simu yako, nawe unaweza kuichapisha kutoka kwenye kompyuta ya stesheneri. Likigoma hata kwenye kompyuta, basi mrudie mtumaji. Gmail haitumi viambatisho vinavyozidi MB 25, na faili kubwa zaidi hutumwa kama kiungo cha Drive. Kiungo hicho hukaa chini ya barua kikifanana sana na kiambatisho, lakini hakifunguki mpaka mwenyewe akupe ruhusa.