Kukiri, Kusikilizwa na Kusimamishwa: Istilahi za Shauri la Udanganyifu wa Mtihani

Msomaji wetu mmoja wa Songea, mkoani Ruvuma, ametuandikia kuuliza swali fupi: je, neno "nakiri" lina maana gani? Swali laonekana jepesi, lakini kisa kilicholizaa si chepesi. Msomaji huyo alikuwa mwanafunzi wa chuo ambacho hatutakitaja. Siku ya mtihani, msimamizi aliokota karatasi iliyokunjwa chini ya kiti chake, akajaza fomu na kumtaka aitie sahihi. Fomu ilisema: "Nakiri kwamba karatasi iliyoambatishwa hapa imeonekana mahali nilipoketi." Mwanafunzi alitia sahihi, kwa kuwa ni kweli karatasi ilionekana pale. Majuma mawili baadaye, mbele ya kamati, mjumbe mmoja alisema hakuna haja ya kupoteza wakati, kwani mtuhumiwa "amekwisha kukiri".

Katika makala haya tutafuata shauri la namna hii hatua kwa hatua, tangu chumba cha mtihani hadi rufani, tukieleza yanayotendeka, haki alizonazo mwanafunzi, na adhabu anazoweza kupewa. Kanuni za vyuo hutofautiana, na mwanafunzi hana budi kusoma za chuo chake. Hata hivyo hatua zenyewe hufanana, na maneno yanayoleta utata ni yale yale.

Fomu ya msimamizi

Shauri huanza kwa taarifa ya msimamizi wa mtihani. Taarifa iliyo kamili hutaja somo, saa, mahali kitu kilipoonekana, aliyekiona, na kitu chenyewe kikiambatishwa kama kielelezo. Mwanafunzi hutakiwa kutia sahihi ili baadaye asije akasema kwamba kielelezo kimebadilishwa. Hiyo ndiyo kazi ya sahihi ile, wala haina nyingine.

Neno "kukiri" ndilo linaloharibu mambo. Katika stakabadhi twaandika "nakiri kupokea shilingi elfu kumi", na hapo maana yake ni kuthibitisha tu. Mahakamani, mtu "akikiri kosa" amejitia hatiani kwa kinywa chake mwenyewe. Fomu ya Songea ilitumia neno kwa maana ya stakabadhi, na mjumbe wa kamati akalisoma kwa maana ya mahakama. Kwa maoni yetu, fomu za namna hii zingetumia "nathibitisha kuona kielelezo hiki", kisha zikaacha mistari michache chini yake kwa maelezo ya mwanafunzi. Nafasi hiyo ikikosekana, mwanafunzi aweza kuandika kando ya sahihi yake: "Karatasi si yangu." Maneno hayo matatu, yakiandikwa saa ile ile, yana uzito kuliko hotuba ndefu itakayotolewa majuma mawili baadaye.

Barua ya wito

Hatua ya pili ni barua. Barua yafaa itaje kanuni inayodaiwa kuvunjwa kwa namba yake, tendo linalodaiwa kutendwa, siku na mahali pa kikao, na vielelezo vitakavyotumika. Barua inayosema tu "utovu wa nidhamu katika mtihani" haimwezeshi mtu kujitetea, kwa kuwa hajui ajitetee juu ya nini. Kukutwa na karatasi ni jambo moja. Kunakili kutoka humo ni jambo jingine, na kuongea na jirani ni la tatu. Katika vyuo vingi, kukutwa tu na maandishi yasiyoruhusiwa, au na simu, ni kosa hata kama hakuna neno lililonakiliwa. Hivyo mwanafunzi anayejitetea kwa kusema "sikuisoma" huenda akawa amekubali kosa bila ya kujua.

Lugha ya wanafunzi haisaidii hapa. Shuleni twasikia "kuangalizia", vyuoni "kudesa", na ndugu zetu wa Kenya huita kikaratasi cha siri "mwakenya", jina lililotokana na chama cha kisiasa kilichofanya kazi kwa siri huko katika miaka ya 1980. Maneno haya yana uhai wake, lakini kila moja hukusanya matendo mengi pamoja, na tuhuma yataka tendo moja lililo bayana.

Barua hutumia pia neno "kuhojiwa". Anayehojiwa hujibu maswali ya wengine. Anayesikilizwa husema yake, huuliza mashahidi, na huleta vielelezo vyake mwenyewe. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(a) iliyoingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, humpa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, na haki ya kukata rufani au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Mahakama ya Rufani ilieleza katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2003, kwamba kusikilizwa si desturi njema tu iliyorithiwa kutoka sheria za Kiingereza, bali ni haki ya msingi ya kikatiba.

Jambo lenyewe ni la kale, na mojawapo ya mashauri yake mashuhuri lilitoka chuoni. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Kembriji kilimvua Daktari Richard Bentley shahada zake bila ya kumsikiliza. Mwaka 1723 mahakama iliamuru arudishiwe, na jaji mmoja akakumbusha kwamba hata Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza. Kwa hiyo barua iseme: "Unaitwa kusikilizwa."

Kikao

Kwanza hutazamwa akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa na kanuni. Kisha hutazamwa ni nani aliyeketi. Msimamizi aliyeandika taarifa ni shahidi, na shahidi hawezi kuwa pia mwamuzi. Kama yumo miongoni mwa wajumbe, mwanafunzi ana haki ya kupinga, na pingamizi hilo litolewe mwanzoni, liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Mtu aliyenyamaza mpaka mwisho huulizwa kwa nini hakusema mapema.

Baada ya hapo tuhuma husomwa, na mwanafunzi huikubali au huikana. Shahidi hueleza aliyoyaona, na mwanafunzi apewe nafasi ya kumwuliza. Maswali yaliyo bora ni mafupi, nayo hulenga jambo moja: ulikuwa umesimama wapi? Uliniona nikiishika karatasi? Nani alikaa kiti hicho katika mtihani wa asubuhi? Kisha mwanafunzi hutoa utetezi wake, hutoka nje, na wajumbe hujadili. Anayetoa ushahidi baada ya mwanafunzi kutoka anavunja haki ya kusikilizwa, hata akisema maneno mawili tu, kwa sababu mhusika hana njia ya kuyajibu.

Hapa yafaa tutenganishe istilahi tatu. "Tuhuma" ni dai ambalo bado halijapimwa. "Kuthibitika" ni hali ya dai baada ya kupimwa kwa ushahidi. "Hatia" ni hali ya mtu baada ya dai kuthibitika. Kamati inayoandika katika kumbukumbu "mkosaji aliingia saa nne" imekwisha kuamua kabla ya kusikia. Tena kamati ya chuo si mahakama ya jinai. Kwa kawaida haidaiwi kuondoa kila shaka, bali hupima upande upi una ushahidi mzito zaidi. Hata hivyo kadiri adhabu inavyokuwa kubwa, ndivyo ushahidi unavyopaswa kuwa imara.

Lipo pia swali la lugha ya kikao. Sheria Namba 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, ya mahakama, na ya vyombo vingine vyenye wajibu wa kutoa haki. Kama kamati ya chuo imo miongoni mwa vyombo hivyo, hilo ni la wanasheria kuamua. Letu sisi ni kusema kwamba mtu anayejitetea kwa lugha asiyoimudu amesikilizwa nusu tu.

Adhabu

Adhabu ndogo ni onyo la maandishi. Inayofuata ni kufutiwa mtihani, ambapo mwanafunzi hupoteza somo moja lakini huendelea na masomo. Juu yake kuna kusimamishwa masomo kwa muda uliotajwa, kisha kuondolewa masomoni. Katika vyuo vikuu vyetu kadhaa, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwamo, kanuni za mitihani zimeweka kuondolewa masomoni kuwa adhabu ya udanganyifu uliothibitika, baada ya Seneti kuidhinisha. Aliyekwisha kuhitimu aweza hata kunyang'anywa shahada yake.

Maneno mawili hapa yahitaji uangalifu. La kwanza ni "kudisko", ambalo wanafunzi hulitumia kwa mtu yeyote aliyeondolewa. Lakini aliyeondolewa kwa upungufu wa alama na aliyeondolewa kwa udanganyifu hawako katika hali moja, kwa kuwa wa pili mara nyingi hufungiwa mlango wa kuomba upya. Barua itaje sababu.

La pili ni "kusimamishwa". Mwanafunzi aweza kusimamishwa akingoja kikao, na hiyo si adhabu bali ni tahadhari tu. Aweza pia kusimamishwa kama adhabu baada ya kikao. Twapendekeza "kusimamishwa kwa muda akisubiri shauri" kwa hali ya kwanza, na "adhabu ya kusimamishwa masomo" kwa ya pili. Urefu wa maneno haya si hasara.

Rufani

Uamuzi utolewe kwa maandishi, pamoja na sababu zake, kwa kuwa rufani hukatwa dhidi ya sababu. Rufani huenda kwenye chombo cha juu cha chuo, ndani ya siku zilizowekwa. Njia hiyo ikiisha, mwanafunzi aweza kuomba Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake papo hapo Songea, ifanye "mapitio". Mapitio si rufani. Mahakama haiulizi kama karatasi ilikuwa yake, bali huuliza kama utaratibu wa haki ulifuatwa. Maombi ya kibali cha kufungua shauri hilo hutakiwa yapelekwe kabla ya miezi sita kupita tangu uamuzi.

Turudi kwa msomaji wetu. Kamati ilimtia hatiani kwa sababu moja iliyoandikwa: "alikiri". Barua aliyopewa ilisema "umesimamishwa", naye akadhani ni kungoja tu uamuzi mwingine. Jamaa yake aliye karani aliisoma, akamweleza kwamba ile ndiyo hukumu, na kwamba katika siku kumi na nne za rufani zilikuwa zimebaki tatu. Alikata rufani akiambatisha nakala ya fomu. Chombo cha juu kiliona kwamba fomu haikuwa na ungamo lolote, kikaagiza shauri lisikilizwe upya na wajumbe wengine. Safari hiyo hati ya mkono ililinganishwa na daftari zake, ikaonekana si yake. Alirudi masomoni akiwa amepoteza muhula mmoja.

Muhula huo haukupotezwa na karatasi iliyookotwa. Ulipotezwa na maneno mawili, moja katika fomu na jingine katika barua. Vyuo vyenye fomu na barua za namna hii twaviomba vituletee nakala, ili tuzitazame istilahi zake pamoja. Wasomaji nao watuandikie kama "nathibitisha kuona" yawatosha, au wanalo neno lililo bora zaidi.