Mwanzi Upi Unafaa kwa Kenchi? Jaribio la Kupinda, Aina ya Mwanzi na Unyevu

Mtahiniwa anapopewa jedwali lenye mizigo iliyovunja mianzi ya aina mbili, mara nyingi hutafuta namba kubwa na kuandika kwamba aina hiyo ndiyo imara zaidi. Jibu hilo linaweza kuwa kosa. Mwanzi mmoja huenda ulibeba mzigo mkubwa kwa sababu ni mnene, au kwa sababu ulikuwa mkavu, na si kwa sababu ya aina yake. Katika mada hii utajifunza jinsi ya kutenganisha mambo hayo matatu: umbo, unyevu na aina.

Kwa nini tupime kupinda?

Kenchi ni fremu ya pembetatu inayobeba paa. Vipande vyake vingi huvutwa au kugandamizwa kwa urefu wake, wala havipindi sana. Lakini papi, yaani vipande vya mlalo vinavyoshika mabati, hulala juu ya kenchi moja hadi nyingine na kupinda kama boriti. Vilevile, papi ikiwekwa katikati ya pau badala ya kwenye kiungo cha kenchi, pau hilo nalo hupinda. Kwa hiyo anayetaka kujenga paa la bei nafuu kwa mianzi lazima ajue mwanzi wake unastahimili kupinda kwa kiasi gani.

Jaribio linavyofanywa

Mwanzi hulazwa juu ya egemeo mbili. Mzigo haushushwi mahali pamoja katikati, bali hugawanywa sawasawa na kushushwa kwenye sehemu mbili, kila moja ikiwa theluthi ya umbali kutoka egemeo lake. Faida yake ni kwamba theluthi ya katikati yote hupinda kwa momenti moja, hivyo mwanzi huvunjika pale ulipo dhaifu na si pale ulipobonyezwa tu.

Umbali kati ya egemeo, tuuite L, usiwe mfupi. Kiwango cha kimataifa cha kupima mianzi, ISO 22157, hutaka uwe angalau mara 30 ya kipenyo cha nje. Ukiwa mfupi kuliko hapo, mwanzi hupasuka kwa urefu au kubonyea kabla haujapinda vya kutosha, na namba utakayopata haitakuwa kipimo cha kupinda.

Mwanzi una uwazi ndani, kwa hiyo chuma kikiukandamiza moja kwa moja huponda ukuta wake. Ndiyo maana mzigo na egemeo huwekwa kwenye fundo au karibu nalo, kwa sababu hapo ndani kuna kizibo kinachokaza mwanzi. Juu yake huwekwa kipande cha ubao kilichochongwa kufuata mviringo wa mwanzi. Baada ya jaribio, kagua sehemu hizo. Ukikuta mwanzi umepondeka chini ya mzigo huku katikati ukiwa mzima, matokeo hayo yasitumike kulinganisha aina.

Kuondoa tofauti ya umbo

Tuchukue mfano wa hesabu. Mwanzi wa Aina A una kipenyo cha nje D = 60 mm na cha ndani d = 44 mm, nao umepimwa kwa L = 1800 mm. Mwanzi wa Aina B una D = 80 mm na d = 64 mm, nao umepimwa kwa L = 2400 mm. Zingatia kwamba L kwa kila mmoja ni mara 30 ya D. A ulivunjika kwa mzigo wa jumla F = 2400 N, na B kwa F = 4000 N.

Kwanza, tafuta momenti ya kupinda. Kila egemeo hubeba nusu ya mzigo, na umbali hadi kwenye mzigo ni theluthi ya L:

M = (F/2) × (L/3) = FL/6

Kwa A, M = 2400 × 1800 ÷ 6 = 720 000 N mm.
Kwa B, M = 4000 × 2400 ÷ 6 = 1 600 000 N mm.

Pili, tafuta kipimo cha umbo, I, kinachoonyesha jinsi mada ya mwanzi ilivyosambaa mbali na mhimili wa katikati:

I = π(D⁴ − d⁴)/64

Kwa A, I = 452 000 mm⁴ hivi. Kwa B, I = 1 187 000 mm⁴ hivi.

Tatu, tafuta mkazo kwenye uso wa nje wa mwanzi, mahali unapovutwa zaidi:

σ = M × (D/2) ÷ I

Kwa A, σ = 720 000 × 30 ÷ 452 000 = 47.8 N/mm².
Kwa B, σ = 1 600 000 × 40 ÷ 1 187 000 = 53.9 N/mm².

Tazama kilichotokea. Kwa kulinganisha mizigo tu, B ilionekana kuzidi A kwa theluthi mbili. Baada ya kuondoa umbo, tofauti imebaki ndogo. Sehemu kubwa ya ushindi wa B ilitokana na unene wake.

Usidhani kwamba kipenyo cha nje kinatosha. Mwanzi wa ulanzi wa Iringa na Njombe, hasa sehemu yake ya chini, una ukuta mnene sana na mara nyingine hauna uwazi kabisa. Mwanzi wa milimani, unaoota kwenye Mlima Kenya na Mlima Elgon, una uwazi dhahiri. Mianzi hii miwili ikiwa na D sawa, I zake hazitakuwa sawa. Pima unene wa ukuta kwenye ncha zote mbili, kisha tumia wastani.

Unyevu huharibu ulinganisho

Je, sasa tuandike kwamba B ni imara kuliko A? Bado. Hatujauliza kila mwanzi ulikuwa na maji kiasi gani.

Mara tu baada ya jaribio, kata kipande kidogo karibu na mahali mwanzi ulipovunjika na ukipime. Ukichelewa, kitakauka mezani. Kisha kikaushe kwenye tanuri la maabara kwa nyuzijoto 103 hivi za Selsiasi mpaka uzito wake usibadilike tena. Unyevu ni maji yaliyotoka yakigawanywa kwa uzito mkavu, mara 100.

Kipande cha A kilikuwa na gramu 48 kabla na gramu 30 baada ya kukaushwa:

Unyevu = (48 − 30) ÷ 30 × 100 = 60%

Kipande cha B kilikuwa na gramu 28 kabla na gramu 25 baada:

Unyevu = (28 − 25) ÷ 25 × 100 = 12%

Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama. Ukigawanya kwa uzito wa awali, A itakupa 37.5%, na jibu hilo si sahihi.

Kumbe A ilipimwa mbichi na B kavu. Maji ndani ya mwanzi hukaa kwa namna mbili. Mengine hujaza nafasi tupu za seli. Hayo yakitoka, mwanzi huwa mwepesi lakini nguvu yake haibadiliki sana. Mengine yamo ndani ya kuta za seli zenyewe. Unyevu ukishuka chini ya kiasi cha 20% hadi 30%, maji ya kuta huanza kutoka, nyuzi hukaribiana na kushikana, na mwanzi huwa imara na mgumu zaidi kupinda. Wakati huohuo husinyaa, ndiyo maana D na d hupimwa upya baada ya kukausha.

Turudi kwenye mfano. Mwanzi mwingine wa A ulikaushwa mpaka 12%, na vipimo vyake baada ya kukauka ni vilevile, 60 mm na 44 mm. Huu ulivunjika kwa F = 3400 N. Hivyo M = 1 020 000 N mm, na σ = 67.7 N/mm². Kwa unyevu sawa, A imeipita B. Hitimisho limegeuka, ingawa hakuna aliyekosea hesabu.

Kupanga jaribio lisilopendelea

Kigeu huru cha kwanza ni aina ya mwanzi na cha pili ni unyevu. Kwa hiyo unahitaji makundi manne: A mbichi, A kavu, B mbichi na B kavu. Kigeu tegemezi ni mkazo wa kuvunjika. Vinavyodhibitiwa ni umri wa mianzi, sehemu ya shina ilipokatwa, na kasi ya kuongeza mzigo. Mwanzi usiotimiza miaka mitatu haujakomaa, na sehemu ya chini ya shina haifanani na ya juu, kwa hiyo usichanganye. Kila kundi liwe na vipande kadhaa, kwa kuwa hata mianzi ya shina moja hutofautiana.

Mwisho, mkazo wa kuvunjika si mkazo wa kujengea. Fundi hutumia sehemu ndogo tu ya thamani hiyo, na huanzia kwenye vipande dhaifu vya kundi, si kwenye wastani. Tena paa linalovuja hulowesha mwanzi uliopimwa ukiwa mkavu, na nguvu iliyopatikana kwa kukausha hupungua. Ndiyo sababu ripoti inayotaja mkazo bila kutaja unyevu haimsaidii mjenzi.

Swali la kujipima

Mwanzi usio na uwazi wa Aina C, wenye D = 40 mm, ulipimwa kwa L = 1200 mm ukavunjika kwa F = 2000 N. Kipande chake kilikuwa na gramu 52 kabla ya kukaushwa na gramu 40 baada. Aina E, yenye unyevu wa 12%, ilivunjika kwa mkazo wa 55 N/mm². (a) Tafuta unyevu wa C. (b) Tafuta mkazo wa kuvunjika wa C. (c) Je, unaweza kusema ni aina gani imara zaidi?

Majibu

(a) (52 − 40) ÷ 40 × 100 = 30%.

(b) M = 2000 × 1200 ÷ 6 = 400 000 N mm. Kwa kuwa d = 0, I = π × 40⁴ ÷ 64 = 125 700 mm⁴ hivi. σ = 400 000 × 20 ÷ 125 700 = 63.7 N/mm² hivi.

(c) Unyevu haulingani, lakini tofauti hiyo iliidhoofisha C, si E. Ikiwa C imeizidi E ikiwa na maji mengi zaidi, ikikaushwa mpaka 12% inatarajiwa kuizidi kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa hiyo matokeo yanaelekeza kwamba C ni imara zaidi, ila kipande kimoja cha kila aina hakitoshi kuthibitisha. Linganisha na mfano wa A na B: huko aliyeonekana mshindi ndiye aliyekuwa mkavu, kwa hiyo hapakuwa na hitimisho mpaka A ilipokaushwa na kupimwa upya.