Njaa ya saa mbili usiku

Mwaka jana nilipoamua kupunguza uzani, nilijiwekea kikomo cha kalori 1,600 kwa siku. Asubuhi nilikunywa chai ya rangi tu, na mchana nikala kabichi na kipande kidogo cha ugali. Hadi kengele ya kufunga masomo ilipolia, nilikuwa sijafikisha hata kalori 400, nami nikijisifu moyoni. Kumbe sifa hizo zilikwisha saa mbili usiku. Nilikula chakula changu, nikaongeza chapati, kisha nikajikuta nimesimama jikoni nikikwangua sufuria. Nilipopiga hesabu, nilikuwa nimepita kalori 2,000.

Awali nililaumu ulegevu wangu. Lakini saa ya mwili yenyewe huzidisha hamu ya chakula jioni, hata kwa aliyeshiba mchana. Anayeifikia saa hiyo akiwa mtupu hubeba njaa mbili kwa mpigo.

Basi sikupunguza zaidi, nilihamisha. Asubuhi nilianza kula mayai mawili ya kuchemsha, bilauri ya maziwa na kiazi kitamu kimoja: kalori kama 430, na protini gramu 20 hivi. Protini ndiyo niliyoitafuta hasa, kwa kuwa hushibisha muda mrefu kuliko mkate wenye kalori sawa na hizo. Mchana nilikula githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi, kalori 450 hivi na protini karibu gramu 20 tena. Saa kumi, kabla ya kusahihisha madaftari, nilikunywa bilauri ya maziwa lala, kalori 150. Hapo zikabaki kalori 570 za jioni, nazo zilitosha ugali wa kadiri ya ngumi, sukuma wiki tele, na omena au ndengu.

Kosa langu la wiki ya kwanza lilikuwa kuongeza asubuhi bila kupunguza usiku. Mizani haikusogea, wala haikuwa na sababu ya kusogea. Kosa la pili lilikuwa kuipunja jioni mno, nikaamka saa tisa usiku tumbo likinguruma. Anayeamshwa na njaa amekata kupita kiasi. Na arudishe kalori 100 au 200, ikiwezekana kwa chakula cha protini.

Hata hivyo, njaa ya jioni haikutoweka yote. Iliyobaki naipima kwa swali moja: je, ningekula githeri baridi sasa? Nikijibu ndiyo, nina njaa, nami hula yai. Nikitaka mandazi pekee, hiyo ni hamu, na aghalabu hupita kabla sijamaliza daftari la tano.

Anayetumia dawa za kisukari au mwenye maradhi ya figo asifuate mpango huu kabla ya kumwona daktari wake, kwani dawa za kwanza huenda pamoja na saa za kula, na figo dhaifu hulemewa na protini nyingi.