Je, Wajua? Akaunti Hufa, Meseji Zikabaki

Je, wajua kwamba akaunti yako ya Telegram inahesabiwa siku, hata kama hujawahi kuigusa mipangilio yake? Ukikaa miezi 18 bila kuifungua, inajifuta yenyewe: mazungumzo, picha, majina ya watu, vyote!

Muda huo uko mikononi mwako. Ingia Settings, kisha Privacy and Security, utafute If away for. Mfupi kuliko wote ni mwezi 1, na kila unapoingia hewani hesabu inaanza upya.

Usikimbilie mwezi 1, ndugu yangu! Tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa Kongo nzima, Uvira ikiwemo, ikarudi baada ya siku kama 20. Aliyekuwa ameweka mwezi 1 alibakiwa na siku 10 hivi tu. Kwa sisi wa kando ya ziwa, miezi 6 ndiyo salama.

Sasa sikia maajabu yenyewe. Mama muuza ndagala wa Kalundu amemwandikia mteja wa Bujumbura bei na madeni. Akaunti ya mama ikijifuta, mteja bado anazisoma meseji zote! Kinachobadilika ni jina: mahali pa mama panaandikwa Deleted Account. Hata kikundi alichokianzisha kinaendelea bila yeye.

Akitaka meseji zenyewe zipotee, afungue mazungumzo yale na kuweka Auto-Delete: siku 1, wiki 1 au mwezi 1. Hapo zinafutika kwake na kwa mteja pia, na akiweka mmoja, inawahusu wote wawili. Lakini angalia: zinazofutika ni zile zitakazotumwa kuanzia hapo. Deni la jana litabaki palepale mpaka alifute kwa mkono, na wajua? Anaweza kulifuta kwenye simu zote mbili kwa mara moja!

Secret Chat ina ajabu yake. Unaweza kuipa meseji sekunde 1 tu ya kuishi, au hadi wiki 1, na hesabu haianzi unapotuma, inaanza mwenzako anapoisoma. Simu yake ikizimwa siku tatu, meseji inamsubiri. Ila mazungumzo hayo yanakaa kwenye simu hizo mbili tu. Ukinunua simu mpya, hayakufuati.

Je, aliyevuka Kavimvira na kukaa Burundi kwa laini mpya? Change Number inahamisha kila kitu kutoka +243 kwenda +257, vikundi na mazungumzo pamoja. Akaunti ikishajifuta, namba ileile ya zamani itamfungulia akaunti tupu, kama mgeni. Kwa hiyo ukishashika laini mpya, hamisha namba siku hiyohiyo, simu ya zamani ikiwa bado mkononi.