Namba ya Mzigo Hutolewa Mwisho

Mteja anayeishi Kasarani, Nairobi, anaagiza blenda kutoka duka la mtandaoni. Nyumbani kwake mchana hakuna mtu wa kuipokea, kwa hiyo anachagua kuichukua kwa wakala, katika duka la vifaa vya shule karibu na steji anayoshukia jioni. Jumanne asubuhi meseji inaingia: mzigo umefika, namba ya kuchukulia ni 480217, mwisho wa kuuchukua ni Ijumaa.

Mpango huu umeenea Kenya kwa sababu inayoeleweka. Nyumba nyingi hazina anwani inayomfikisha mtu mlangoni, na mwenye bodaboda hupiga simu mara kadhaa akitafuta geti la buluu baada ya kanisa. Gari moja likishusha mizigo ishirini kwa wakala mmoja, gharama ya kila mzigo inashuka. Jumia, iliyoanza kuuza Kenya mwaka 2013, ni miongoni mwa kampuni zenye vituo vya aina hii.

Namba ya kuchukulia kwa kawaida hutumwa wakala anapouskani mzigo kuthibitisha kwamba ameupokea. Siku za kutunziwa nazo huanza kuhesabiwa hapo, wala si siku ya kuagiza. Namba ya tarakimu sita inaweza kupangwa kwa njia milioni moja, kwa hiyo mfumo unaojifunga baada ya majaribio machache hauwezi kushindwa kwa kubahatisha. Makosa mengi hutokea kaunta, kati ya watu wawili wenye haraka.

Utaratibu ulio salama ni huu. Mteja anataja jina na namba ya oda. Wakala anauleta mzigo kutoka rafuni na kuuweka mezani, kisha wote wawili wanasoma lebo na kuangalia kama utepe umeguswa. Namba ya kuchukulia inaingizwa baada ya hapo. Ikishakubaliwa, mfumo huandika kwamba mzigo umechukuliwa, pamoja na saa na kituo, na kwa muuzaji hiyo ndiyo sahihi ya mteja. Malalamiko ya kutopokea yanayokuja baadaye huanzia pagumu sana.

Foleni ikiwa ndefu, mawakala wengine hugeuza mpangilio huo: wanaingiza namba kwanza, ndipo wanakwenda kutafuta. Tuseme siku hiyo kuna mizigo miwili ya Mary Wanjiku, mmoja wa blenda na mwingine wa viatu, yote katika makasha ya kahawia. Wakala anasoma jina, anachukua kasha lililo karibu, na Mary wa blenda anaondoka na viatu. Mfumo unaonyesha blenda imechukuliwa, ilhali iko rafuni. Kinachotofautisha mizigo hiyo ni namba ya oda kwenye lebo, nayo ndiyo ya kulinganishwa na meseji tarakimu kwa tarakimu, hasa zile za mwisho.

Mambo hubadilika kidogo mteja anapomtuma mdogo wake. Vituo vingine humkabidhi yeyote aliye na namba, vingine hudai pia kitambulisho cha aliyeandikwa kwenye oda. Ni heri kumuuliza muuzaji mapema na, ikiwezekana, kubadilisha jina la mpokeaji kabla mdogo mtu hajapanda matatu. Wakala akitaka kitambulisho, kukitazama na kulinganisha jina kunatosha. Kukipiga picha kwa simu yake binafsi ni kukusanya zaidi ya kinachohitajika, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka taarifa zichukuliwe kwa kiasi kinacholingana na kazi tu.

Matapeli nao wanaijua thamani ya namba hiyo. Mtu anapiga simu akidai mzigo umekwama na kumwomba mteja amsomee namba iliyo kwenye meseji. Hapaswi kusomewa. Namba ni ya kutolewa kaunta, mzigo ukiwa mbele ya macho.

Muda wa kutunza hutegemea nafasi. Mashine za InPost nchini Poland hutoa saa 48, na makabati ya Amazon siku tatu, kwa kuwa kila kijisanduku kilichojaa kinazuia mzigo wa mtu mwingine. Rafu ya dukani inaweza kuvumilia zaidi, lakini wakala hana uwezo wa kuuweka mzigo apendavyo. Muda ukiisha, mzigo huskaniwa upya ili urudi ghalani na oda kufutwa.

Kwa hiyo mteja wa Kasarani akijua Alhamisi kwamba atasafiri, huo ndio wakati wa kumpigia muuzaji kuomba aongezewe siku. Jumamosi anaweza kuliona kasha lake bado liko rafuni likisubiri gari, na wakala asiweze kumkabidhi, maana 480217 haikubaliki tena.